Kupima maji ya tangi: kompyuta ya bodi moja au maikrokontrola?

Tangi_Juu
Ndugu zangu, nataka kupima kina cha maji katika tangi lililo juu ya paa, mahali pasipo na umeme, na kipimo kiletwe ndani ya nyumba kila baada ya dakika 10. Baadaye ningependa kuona mchoro wa matumizi ya mwezi mzima na kuwasha pampu kwa kufuata kipimo hicho. Ninayo Raspberry Pi Zero 2 W isiyo na kazi, lakini nimeshauriwa ninunue ESP32. Je, ipo sababu ya kuacha nilichonacho?

Solda_Taratibu
Sababu ipo, nayo ni betri. Tuchukue betri moja ya mAh 2500 yenye volti 3.7, ambayo ina takribani Wh 9. Zero 2 W hutumia karibu nusu wati hata ikiwa imekaa tu, yaani Wh 12 kwa siku, kwa hiyo betri hiyo haitamaliza siku moja.

ESP32 hulala. Tuseme inaamka mara 144 kwa siku, kila mara kwa sekunde 5, ikivuta wastani wa mA 120 kwa sababu ya waifai. Jumla yake ni mAh 24 kwa siku, na kwa hesabu ya karatasi betri ileile itafika miezi mitatu. Amri za kulala ni mbili tu:

```
esp_sleep_enable_timer_wakeup(600000000ULL);
esp_deep_sleep_start();
```

Hesabu hiyo, hata hivyo, inategemea bodi utakayonunua. Chipu yenyewe ikilala huvuta takribani mikroampea 10, lakini bodi nyingi za majaribio zina taa isiyozimika na saketi ya USB inayoendelea kula umeme. Bodi ikivuta mA 5 usingizini, hiyo ni mAh 120 kwa siku, mara tano ya kazi yenyewe, na betri itakwisha kwa siku 17 hivi. Pitisha waya wa betri kwenye multimita bodi ikiwa imelala. Ukiona miliampea badala ya mikroampea, tatizo liko kwenye bodi, si kwenye programu yako.

Kaneli
Naona Pi inahukumiwa mapema mno. Unaweza kuizima baada ya kila kipimo, na hofu ya kadi ya kumbukumbu kuharibika umeme unapokatika huondoka ukiiweka kadi katika hali ya kusomwa tu. Isitoshe, mchoro wa mwezi mzima unahitaji mahali pa kuhifadhi data.

Solda_Taratibu
Kuhusu kadi na data tunakubaliana. Kuhusu kuizima, Zero 2 W haina saa ya kujiamsha yenyewe; itakubidi uongeze saketi nyingine ya kuiwasha, na kila ikiwaka itatumia makumi ya sekunde kupakia mfumo kabla ya kupima chochote.

Mlinzi_Geti
Mimi nina kamera getini na ESP32 ilinishinda, picha zilikuwa zikikatikakatika. Chukua Pi, mkuu.

Kaneli
Kwa video ni sahihi, ila mwenzetu anapima namba moja kila dakika 10.

Bi_Rezista
Mwanangu Tangi_Juu, usiache Pi yako, ibadilishie kazi. ESP32 ikae juu ya tangi, na Pi ikae ndani penye umeme, ipokee vipimo kwa MQTT na kuvihifadhi. Ukitumia sensa ya HC-SR04 kwa volti 5, pini yake ya Echo hutoa volti 5, ilhali pini za ESP32 ni za volti 3.3, na za Pi vilevile. Weka rezista mbili za kugawa volti, kilo-omu 1 upande wa Echo na kilo-omu 2 upande wa graundi, na pini iunganishwe katikati yake. Sensa hiyo pia haistahimili unyevu, kwa hiyo tafuta aina isiyopenya maji, ukikumbuka kuwa hiyo haisomi vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 au 25. Ifungwe juu ya kiwango cha tangi lililojaa kwa umbali huo, la sivyo itakudanganya pale hasa maji yanapokaribia kufurika.

Tangi_Juu
Ahsante sana, mama. Na pampu iamuliwe na nani?

Bi_Rezista
Na ESP32 ya pili iliyo kando ya pampu. Weka rezista ya kilo-omu 10 ya kuishusha pini ya rilei, ili pampu isishtuke bodi inapowaka, na ujumbe ukikosekana kwa nusu saa ijizime.

Kaneli
Ningeiachia Pi uamuzi, kwa kuwa kanuni zote zikiwa mahali pamoja ni rahisi kuzibadilisha.

Solda_Taratibu
Waifai ikikatika pampu ikiwa inafanya kazi, hiyo amri ya kuzima itapitia wapi? Kwangu mimi, swichi ya boya iliyofungwa kwa waya ndiyo ikate umeme wa pampu, yeyote atakayekuwa ameiwasha.

Kaneli
Swichi ya boya naikubali. Kuhusu kanuni, bado sijashawishika.