Kidirisha cha PIN ndani ya apu: Daraja moja kwa moja, kampuni ya kati, au abiria alipe mwenyewe Paybill?

KitiChaDirishani (Mombasa)
Habari zenu wakubwa. Natengeneza apu ya tiketi za basi, Mombasa hadi Dar kupitia Horohoro. Abiria anachagua kiti, anabonyeza Lipa, kidirisha kinamtokea kwenye simu, anaweka PIN. Njia nilizo nazo ni tatu: kuunganisha Daraja ya Safaricom mwenyewe, kupitia kampuni ya kati inayoshika mitandao yote, au kumpa abiria nambari ya Paybill alipe kwa mkono wake.

Nieleze kilichonifikisha hapa. Jumamosi iliyopita abiria mmoja alibonyeza Lipa saa 19:42 kwa kiti 14. Apu yangu ilisubiri sekunde 60, ikaandika "malipo yameshindikana" na kukiachia kiti. Saa 19:44 mwingine akakinunua. Punde si punde ile pesa ya kwanza nayo ikaingia. Watu wawili, kiti kimoja, na wote wamelipa kihalali. Ni njia ipi itanizuia nisirudie haya?

HarakaTech
Daraja, usiwape watu wa kati kamisheni ya bure. Ukituma ombi utarudishiwa `ResponseCode` yenye `0`, hapo mteja kalipa, toa tiketi. Pia usiombe tokeni mpya kila malipo, ile moja inaishi sekunde 3600, itunze.

MwandishiWaDaftari (Nairobi)
La tokeni uko sawa, Haraka. La `ResponseCode` litamfilisi mwenzetu. Ile `0` ya kwanza inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado hata hajaishika simu. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye `CallBackURL`, na yanaonekana hivi:

```json
{"Body":{"stkCallback":{
  "CheckoutRequestID":"ws_CO_...",
  "ResultCode":1032,
  "ResultDesc":"Request cancelled by user"}}}
```

`ResultCode` ikiwa `0` ndipo amelipa, na utapata `MpesaReceiptNumber` humo humo. `1032` ameghairi, `1` hana salio la kutosha, `2001` amekosea PIN, `1037` simu haikufikika au hakujibu kwa wakati.

Kiti, hukuponzwa na njia uliyochagua. Apu yako ilikuwa na hali mbili tu, amelipa au hajalipa. Inahitaji ya tatu, nayo ni "sijui bado". Saa yako ya sekunde 60 haina mamlaka ya kusema malipo yameshindikana. Inaweza kusema tu kwamba umechoka kusubiri. Muda ukipita bila jibu, seva yako iulize Daraja yenyewe:

```
POST /mpesa/stkpushquery/v1/query
```

Ukiambiwa muamala bado unashughulikiwa, kiti kibaki kimefungwa, uulize tena baada ya kitambo. Kiachie ukipata jibu la kukataa, si kabla. Na kitufe cha Lipa kizime muda wote huo, maana abiria akikosa subira atabonyeza mara ya pili, na ombi la pili linaweza kugonga `1001` kwa sababu lile la kwanza bado limeishikilia laini yake.

Jambo moja lilinichukua muda kulizoea: ukiuliza kwa njia hii unaambiwa kama amelipa au la, lakini nambari ya risiti hupewi. Kwa hiyo tiketi itatoka bila risiti, na utaijaza jioni ukilinganisha na taarifa ya akaunti.

MamaDukaLikoni
Samahani kuingilia. Mimi nina till dukani, na kuna kijana alinionyesha ujumbe wa kulipa 1,850 kumbe wa kutunga. Hiyo apu mnayoisema itanisaidia?

MwandishiWaDaftari
Dada yangu, wewe apu huihitaji. Usisome simu ya mteja hata siku moja, soma ujumbe uliokufikia wewe kwenye laini ya biashara. Kama haujafika, bidhaa isitoke.

Na Kiti, swali la mama linakuhusu. Ile `CallBackURL` iko wazi mtandaoni, na majibu ya Daraja hayaji na sahihi ya kuyathibitisha. Mtu akiijua anwani anaweza kukutumia "amelipa" ya kutunga. Jibu likifika, hakikisha `CheckoutRequestID` ni ile uliyoihifadhi na kiasi ni kilekile, kisha uulize Daraja ndipo utoe tiketi.

NsambyaDev (Kampala)
Nitasema la kwetu. Kwa MTN MoMo nambari ya kumbukumbu naitunga mimi mwenyewe kabla ya kutuma, inaingia kwenye `X-Reference-Id`. Mtandao ukikatika katikati ya `requesttopay`, bado ninayo, nauliza nayo na naambiwa `PENDING`, `SUCCESSFUL` au `FAILED`. Daraja wao ndio wanaokupa `CheckoutRequestID`. Je, ukituma ombi, likafika, halafu jibu likapotea njiani? Kidirisha kinamtokea abiria, analipa, nawe huna cha kuulizia.

MwandishiWaDaftari
Umegusa penyewe. Dawa ninayotumia: andika oda kwenye hifadhidata kwanza, ipe nambari yake ya siri isiyokisika, kisha itie kwenye anwani ya majibu, kwa sababu `CallBackURL` inatumwa na kila ombi:

```
https://mfano.co.ke/majibu/9c41e7b2
```

Hata kama `CheckoutRequestID` ilipotea, jibu likifika unajua ni la kiti gani. Nalo lisipofika, hapo ni taarifa ya akaunti tu itakayokwambia.

BintiPangani (Tanga)
Mnazungumza kama basi linaishia Lunga Lunga. Huku kwetu abiria mmoja yuko Vodacom, mwingine Airtel, mwingine Mixx by Yas, mwingine HaloPesa. Na M-Pesa ya Tanzania haipiti Daraja, ina mlango wake. Kufunga mikataba na kila mtandao kwa apu yenye basi moja ni kujichosha bure, kwa hiyo upande huu mimi naenda kampuni ya kati. Selcom, AzamPay na ClickPesa wanafanya kazi hiyo. Msikisie mtandao kwa kuangalia mwanzo wa namba. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama na namba yake. Mwulize achague. Na mwache aandike namba ya kulipia, wengi hulipiwa tiketi na ndugu.

Lakini kampuni ya kati haiondoi ile hali ya "sijui bado", inaiongeza. Niliwahi kukaa na miamala ambayo mtandao unasema imelipwa na kampuni ya kati inasema inasubiri. Kabla ya kusaini waulize swali moja: ninayo njia ya kuulizia muamala mmoja mmoja kwa nambari yangu ya oda? Kama hawana, tafuta wengine.

HarakaTech
Nakubali nilikosea kuhusu `0`. Ila kwa nini asitumie Paybill peke yake, pesa ikiingia ndiyo imeingia?

KitiChaDirishani
Nimeijaribu, Haraka. Abiria anaandika nambari ya tiketi mwenyewe mahali pa akaunti. Niliwapa `MSA14`, nikapokea `MSA 14`, `14`, na mmoja akaandika jina la mkewe. Nitaiacha kama njia ya akiba kidirisha kikigoma kutokea.

Kenya nitaunganisha Daraja mwenyewe, Tanzania kampuni ya kati, na usiku huu naongeza hali ya tatu. Kimebaki kimoja: basi linaondoka 06:00, mtu amebonyeza Lipa 05:56, Daraja bado inasema inashughulikiwa, na abiria mwingine amesimama kaunta na noti mkononi. Kiti nimpe?

BintiPangani
Mimi ningefunga kulipia kwenye apu nusu saa kabla ya safari, zinazobaki ziuzwe kaunta tu.

MwandishiWaDaftari
Mimi ningempa wa kaunta, nimrudishie wa kwanza ikitokea amelipa. Lakini mimi sijawahi kusimama pale kaunta saa kumi na mbili asubuhi.