Ruzuku ya filamu ya dansi: jopo linasema "mada nzuri, ila hatujaiona filamu". Nimekosea wapi?

Besi_ya_Temeke
Wakuu habari za jioni. Naandaa filamu ya hali halisi kuhusu muziki wa dansi hapa Dar. Nilipeleka slaidi 22 kwa taasisi moja inayofadhili utamaduni, zikarudi na maneno hayo ya kwenye kichwa cha uzi. Wameniruhusu kupeleka tena, zimebaki siku 12.

Slaidi 9 za mwanzo ni historia: NUTA Jazz ya 1964, Vijana Jazz, Mlimani Park ya 1978, na jinsi bendi zilivyomilikiwa na mashirika. Zinafuata picha za wazee sita nitakaowahoji. Kwenye slaidi ya 17 yupo mzee mmoja wa Temeke aliyepiga besi, siku hizi anatengeneza spika barazani kwake. Anautafuta wimbo aliotunga mwaka 1976 wakaurekodi studio ya redio, hajausikia tena tangu enzi hizo. Bajeti ni milioni 46. Kazi hii nimeilea miaka miwili, naomba mniambie ukweli.

Dau_Magomeni
Mkuu, 22 ni nyingi, msomaji anachoka. Shusha hadi 12. Halafu waonyeshe hela yao itarudije, watazamaji wangapi, matangazo kiasi gani. Huo wimbo usikuumize kichwa, wa 1976 hauna mwenyewe tena, tumia tu.

Mama_Montaji
Kupunguza sawa. Matangazo yaondoe, ruzuku hairudishwi. Jopo linauliza kitabaki nini na nani atakiona.

Besi, huyo mzee wa slaidi ya 17 ndiye filamu yako. Kuna kitu anakitaka, kuna kinachomzuia, na kamera inaweza kuwepo siku atakapokipata au kukikosa. Wazee sita kwenye viti wakisimulia ni mada tu. Mlete slaidi ya kwanza: mikono yake ndani ya spika iliyofunguliwa, na sentensi mbili chini yake. Historia itaingia yenyewe pale atakapokueleza kwamba hata gitaa alilopigia lilikuwa mali ya shirika.

Kuhusu wimbo, Dau, hapana. Muda wa haki ya mtunzi unahesabiwa tangu afariki, na mzee yupo hai. Tena wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi na ya ile rekodi yenyewe. Mzee akikusainia ya kwanza, ya pili inabaki kwa aliyerekodi. Weka fungu la idhini za muziki na picha za zamani kwenye bajeti. Likikosekana kwenye filamu ya muziki, msomaji mzoefu anajua hujaanza kuulizia.

Besi_ya_Temeke
Dada asante sana. Hilo fungu kweli sikuliweka. Na tangazo lao linasema mwisho wa ruzuku ni milioni 30, mimi nimewaomba 46 zote.

Mama_Montaji
Basi hapo uliangukia mapema. Gharama nzima iache ilivyo, ila onyesha kila sehemu inatoka wapi. Kamera ni yako?

Besi_ya_Temeke
Yangu. Siku 20 za kurekodi, kukodi ingekuwa laki moja na nusu kwa siku. Na mhariri amekubali milioni 4 za malipo yake zisubiri filamu iuzwe.

Mama_Montaji
Kamera milioni 3, mhariri 4, ruzuku 30: jumla 37. Zinabaki 9, na zitaongezeka ukiweka idhini. Liandike hilo pengo waziwazi, na taja unaomba wapi kwingine. Mhariri akupe barua, ahadi ya mdomo haihesabiki.

Bi_Kilwa
Mimi nilikuwa na filamu ya fundi wa jahazi. Ratiba niliianzisha mwezi ule ule wa kuomba. Hela zilipotoka jahazi lilishashushwa majini, sikuwa na cha kurekodi. Mdogo wangu, kama mzee ameshaanza kuzunguka kutafuta tepu, mfuate sasa hivi hata kwa simu.

Fundi_Mkopo
Riba yao ni asilimia ngapi?

Bi_Kilwa
Si mkopo kaka, ni ruzuku.

Besi_ya_Temeke
Nimetoka kwa mzee sasa hivi. Nimemrekodi dakika tatu akiimba ubeti wa kwanza huku anachomelea waya, akasimama katikati, ubeti wa pili haukumjia. Ndiyo kionjo nitakachopeleka. Slaidi ya kwanza inasomeka: "Mzee Temeke anatafuta rekodi ya wimbo alioutunga 1976. Ubeti mmoja tu ndio uliobaki kichwani mwake."

Kinachonitatiza: bendi ilikuwa ya shirika na shirika lilishavunjwa. Idhini ya rekodi naiomba kwa nani?

Mama_Montaji
Sentensi hizo usiziguse. Kwa rekodi, anza na redio iliyohifadhi tepu, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uwaulize kama wimbo umesajiliwa na kwa jina la nani. Shirika lililovunjwa huwa na mrithi wake kisheria, ila kwa bendi hiyo sijui ni nani. Kama kuna mwanasheria humu, aingie.