Grafu ya korosho inaanguka hadi sifuri wiki ya 4 na ya 6, na kilo zipo. Naombeni msaada

Karani_Kitangari: Habari zenu wadau. Mimi ni karani wa AMCOS huku Newala. Nina shiti mbili kwenye Excel 2010: "Ghala", ambako naingiza kilo za korosho zilizopokelewa kila wiki, na "Muhtasari" inayochota kutoka Ghala kwa fomula hii:

```
=IF(Ghala!B7="","",Ghala!B7)
```

Grafu ya laini inasoma Muhtasari. Wiki ya 3 inakaa vizuri, kilo 7,215. Wiki ya 4 laini inashuka hadi sifuri, ingawa kwenye shiti nasoma 6,480. Wiki ya 6 magunia yalikosekana hatukupokea kitu, nimeacha wazi, lakini nayo inachorwa sifuri. Pia wiki ya 1 na ya 2 hazionekani kabisa. Mkutano wa wanachama ni Jumamosi, na mkulima akiona sifuri atauliza korosho zake zilikwenda wapi.

Baba_Asha: Hiyo 6,480 ni maandishi, siyo namba. Chagua safu nzima, Format Cells, weka Number. Kwisha.

Mdau_wa_Ufuta: Mimi huku Nachingwea grafu ya ufuta ilinichorea laini ya ajabu juu kabisa, karibu na 2000, nyingine zote zimelala chini. Kumbe ilichukua safu ya miaka kama mazao! Nilifuta neno "Mwaka" kwenye kisanduku cha kona ya juu kushoto, nikachora upya, ikatulia. Jaribu na wewe.

Fundi_Shangani: Mdau, hilo lako ni la kweli ila ni ugonjwa mwingine. Baba Asha, umelenga sababu, dawa ndiyo haitoshi: Format Cells inabadili sura tu, maandishi yaliyokwisha kuingia yanabaki maandishi. Na grafu ikikuta maandishi mahali pa namba inachora sifuri.

Karani, hiyo 6,480 uliandika mwenyewe au ulinakili mahali? Angalia jumla yako pia, SUM huyaruka maandishi bila kukuambia. Halafu andika hizi pembeni utupe majibu:

```
=ISNUMBER(Ghala!B5)
=LEN(Ghala!B5)
=CODE(RIGHT(Ghala!B5,1))
```

Karani_Kitangari: Nilinakili kutoka ujumbe wa mtunza ghala. Majibu ni FALSE, 6 na 160. Na jumla kweli imepungua 6,480 kamili, nilikuwa nahangaika nayo tangu jana.

Fundi_Shangani: Basi tumempata. Tarakimu nne na mkato ni herufi 5, ya sita ni nafasi isiyoonekana, namba 160, inayokuja na maandishi ya kunakili. TRIM haiiondoi, na kuzidisha kwa 1 hakusaidii. Andika hii kwenye kisanduku kitupu, kisha nakili jibu ulibandike kwenye B5 kwa Paste Special, Values:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(Ghala!B5,CHAR(160),""))
```

Hakikisha imetoka 6480. Kompyuta iliyopangwa mkato uwe alama ya desimali itakupa 6.48.

Wiki ya 6 ni suala jingine. Kisanduku cha Ghala ni kitupu, lakini cha Muhtasari kina fomula inayotoa "", na kwa grafu hayo ni maandishi, kwa hiyo sifuri. Wengi watakwambia uweke NA() badala ya "". Katika 2010 laini itaunganisha wiki ya 5 na ya 7 moja kwa moja, na mtu atadhani mlipokea korosho wiki hiyo. Wewe futa kabisa fomula ya wiki ya 6 kwenye Muhtasari, pengo litaonekana lilivyo.

Baba_Asha: Kwangu NA() inaacha pengo safi tu.

Fundi_Shangani: Wewe una toleo jipya, lina chaguo la Show #N/A as empty cell. Lake halina.

Wiki ya 1 na 2 nadhani kuna mtu ameficha mistari. Bofya grafu kulia, Select Data, Hidden and Empty Cells, weka tiki kwenye Show data in hidden rows and columns. Hapohapo hakikisha Gaps ndiyo imechaguliwa.

Karani_Kitangari: Mistari ilifichwa kweli, mwenyekiti alitaka ukurasa mmoja wa kuchapa. Sasa wiki ya 4 imepanda mahali pake na ya 6 ina pengo. Ahsante sana kaka. Imebaki wiki ya 10 hadi 12 ambazo bado hazijafika, laini inaporomoka mwishoni. Nako nifute fomula?

Fundi_Shangani: Hapana, huko mwishoni NA() inafaa, kwa kuwa hakuna nukta mbele ya kuunganisha nayo. Jumla ya Muhtasari ndiyo itaharibika, ibadilishe iwe hivi:

```
=AGGREGATE(9,6,B2:B13)
```

Mdau_wa_Ufuta: Na anayefungua kwenye simu, hiyo Hidden and Empty Cells anaipata wapi?