Chumba cha kujisomea kimya: nitoze kwa saa, kwa zamu au kwa mwezi mzima?

Mwenye_Chumba
Habari za humu wakuu. Nina chumba cha mita 4 kwa 5, kimejitenga na nyumba kubwa, mlango unafungukia uani. Mtaa umebanana, maktaba hakuna, wanafunzi wanajisomea kwenye ngazi chini ya taa za watu. Nataka kukikodisha kama chumba cha kujisomea, viti 12. Kinachonitatiza ni namna ya kutoza:
1. Kwa saa, anayeingia analipa.
2. Kwa zamu: analipia mwezi, lakini anakuja asubuhi tu au jioni tu.
3. Kiti cha kudumu, chake mwezi mzima.

Mliowahi kufanya, ipi inalipa bila kuua ukimya?

Hesabu_Haidanganyi
Kwa saa, usijiulize mara mbili. Viti 12, ukifungua saa 14 kwa siku una saa 168 za kuuza. Kwenye ada ya mwezi mwanafunzi atakulipa kidogo na kukaa kutwa.

Babu_Kodi
Kijana, mbona unajisumbua? Mpe mwanafunzi mmoja alale humo, chukua kodi ya miezi sita mbele, ulale usingizi. Wawili wakichangia ni bora zaidi.

Mwenye_Chumba
Shikamoo mzee. Si cha kulala, ni cha kusomea tu, usiku kinafungwa.

Babu_Kodi
Marahaba. Basi hiyo ni shule, sijui habari zake.

Mama_Madawati
Naendesha chumba cha aina hii, ukubwa unakaribiana na wako. Hizo saa 168 za Hesabu_Haidanganyi zipo kwenye karatasi tu. Mchana wanafunzi wako darasani. Wanakuja kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, kwa hiyo bidhaa yako halisi ni saa 5 hizo.

Tutumie ada ya saa moja kama kipimo. Jioni viti 12 kwa saa 5 ni 60, lakini hawaji kwa pamoja wala hawaondoki kwa pamoja. Ukiuza 36 shukuru. Mchana weka 10. Hizo ni 46 kwa siku, na kwa siku 26 ni 1,196. Inavutia. Ila kutoza kwa saa kunahitaji mtu akae pale muda wote, aandike aliyeingia na aliyetoka, adai nyongeza. Tuseme malipo yake kwa mwezi ni sawa na saa 400. Umebaki na 796.

Kwa zamu, tuseme jioni mtu analipa kwa mwezi sawa na saa 50, asubuhi nusu yake. Watu 14 wa jioni ni 700, watu 6 wa asubuhi ni 150, jumla 850. Msimamizi huna haja ya kumwajiri: nje ya hao, mwanafunzi mmoja mtulivu anakaa bure, naye ndiye anayefungua, anayefunga na anayekemea simu. Kiti cha kudumu kwa ada ya saa 70, viti 11 vya kulipiwa, ni 770.

Umeona? Pesa hazitofautiani sana. Kinachotofautisha ni mlango. Kwa saa, mlango unafunguka na kufungwa jioni nzima, na kila anayetoka anavuta kiti, anakusanya vitabu, ananong'ona kuhusu chenji. Unauza ukimya huku mfumo wako wa malipo unauvunja. Mimi nachagua zamu.

Mwaka_wa_Mwisho
Naongea kama mteja. Nililipia kiti cha kudumu mahali fulani. Kutwa nilikuwa chuoni, kiti kitupu, wenzangu wanarudishwa mlangoni, na mimi najisikia vibaya kukilipia. Nilichokipenda ni kimoja tu: kuacha vitabu vyangu pale, maana nyumbani wadogo zangu wanavichana. Ukiweka rafu yenye kufuli kwa kila mtu, wengi hawatahitaji kiti cha kudumu.

Hesabu_Haidanganyi
Mama, watu 14 kwenye viti 12, na huyo wa bure wa 15? Siku wakija wote?

Mama_Madawati
Miezi ya kawaida hawaji wote. Mmoja anaumwa, mwingine ana kipindi cha jioni. Ila usikisie. Kabla ya kuzidisha, uza 11 tu, na kwa wiki mbili msimamizi ahesabu waliokaa kila nusu saa. Usitazame wastani, tazama idadi kubwa kabisa iliyowahi kufikiwa. Kama waliolipa ni 11 na hawajawahi kuzidi 9 kwa pamoja, una nafasi ya kuongeza wawili watatu. Wakifika 11, usiongeze hata mmoja.

Mitihani ikikaribia hesabu hiyo inakufa, wote wanakuja na wanakaa hadi mwisho. Mimi huwaambia tangu wanapojiandikisha kwamba wiki hizo zamu ya jioni inakatwa vipande viwili. Wananung'unika. Sijapata njia nzuri zaidi.

Mwaka_wa_Mwisho
Hapo wengine wangedai pesa zao. Nimelipia jioni, siyo nusu jioni.

Kimya_Kimya
Mnasahau kelele za nje. Bandika trei za mayai ukutani, hazipitishi kitu. Pazia zito dirishani.

Fundi_Milango
Trei na pazia zinapunguza mwangwi wa ndani, hilo kweli, kiti kikivutwa hakitasikika kwa ukali. Lakini sauti ya jirani hazizuii, ni nyepesi mno. Sauti inapita panapopita hewa. Usiku zima taa ndani, mtu amulike tochi nje akizunguka mlango na madirisha. Panapopenya mwanga, ndipo kelele zinapoingia. Mara nyingi ni chini ya mlango. Weka mpira wa kuziba pembeni na chini, na kama mlango ni wa mbao nyembamba yenye uwazi ndani, badilisha uwe mzito. Miguu ya viti ivalishwe mpira pia.

Ila usizibe kila kitu. Mtu aliyekaa anatoa joto la takriban wati 100, kwa hiyo watu 12 ni kama umewasha hita ya wati 1,200, na hewa inachoka. Utajua wakianza kupiga miayo saa moja baada ya kufunga madirisha. Acha wazi dirisha la upande usio na barabara, na feni mwendo wa polepole. Mvumo wake usiobadilika unafunika minong'ono midogo.

Na jambo moja ambalo sitaki ulifanyie mzaha: kama madirisha yana nondo na mlango ni mmoja, ufunguke kwa nje, na usifungwe kwa ufunguo watu wakiwa ndani.

Mwenye_Chumba
Nimewaelewa. Nitaanza na zamu, viti 11 na msimamizi, meza zitazame ukuta, rafu zenye kufuli. Mlango nitaugeuza. Vipi asiye na uwezo wa kulipa mwezi mzima kwa mkupuo?

Hesabu_Haidanganyi
Ndiyo maana nilisema kwa saa.

Mama_Madawati
Mtoze kwa wiki, ghali kidogo kuliko robo ya mwezi, alipe kabla ya kukaa. Kwa saa mimi siwezi kurudi.

Mwaka_wa_Mwisho
Kwa wiki sawa. Lakini zamu ya jioni ikiisha saa 4 usiku, wasichana wanarudije kwao? Mimi ningetoka saa 3 na kulipia saa nisiyokaa.

Mwenye_Chumba
Hilo sikuwa nimelifikiria. Dada, mngependelea zamu ianze saa 10 jioni iishe saa 3 usiku, au kuwe na ada ndogo kwa wanaotoka mapema?