Rafiki yangu anasema nimempata wa kumrithi: nimjibu nini bila kumwahidi nisichokiweza?

Mja wa Jioni (mleta mada)
Wanajamvi, naomba ushauri wenu. Nina rafiki tuliyeshibana kwa miaka 11. Tangu nijiunge na kikundi cha watu sita tunaojiandaa pamoja kwa mtihani wa uhasibu na kukutana jioni nne kwa wiki, mazungumzo yetu yamepungua sana. Juzi usiku aliniandikia hivi: "Naona sasa una watu wako, usijisumbue tena na mimi." Sijamjibu hadi leo. Nimeandaa jibu lifuatalo, nami ningependa mnisaidie kulisawazisha kabla sijalituma: "Hakuna kilichobadilika, wewe bado ni wa kwanza kwangu, na kuanzia sasa tutaonana kila Jumamosi."

Jirani Mwema
Dada yangu, marafiki wa zamani hawaachwi namna hiyo. Mimi niliachwa na mtu niliyemsimamia hata kwenye harusi yake, akapata wenzake kazini, na leo tukikutana njiani ananisalimu kama anayeulizia njia. Nilikaa mwaka mzima nikisubiri aniombe radhi. Nasema haya ili ujue kwamba anayekuandikia maneno hayo amekwisha kulia.

Mja wa Jioni
Pole sana, lakini mimi sijamwacha mtu. Ninachouliza ni maneno ya kumjibu.

Sina Haraka
Jambo hili lina hesabu yake. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 makadirio kwamba watu huhitaji zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa karibu. Hicho kikundi chako kimekwisha kuzifikia kwa sababu ya jioni zenu nne. Mpe rafiki yako saa 200 naye, na mambo yatakaa sawa.

Bi Mkubwa wa Barua
Ndugu Sina Haraka, makadirio hayo yanahusu watu wanaoanza kujuana. Hawa wawili wamekwisha kujuana, kwa hiyo saa 200 hazitamrudishia huyo rafiki anachokililia. Hata hivyo umegusa jambo la kweli: muda umehama, naye ameuona ukihama.

Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya jibu lako, mwanangu, ndiyo mbaya kuliko zote. Ukimwambia kwamba hakuna kilichobadilika, unamwambia kwamba macho yake yanamdanganya, na mtu aliyeumia akiambiwa hivyo hutafuta ushahidi zaidi badala ya kutulia. Sentensi ya pili inampa cheo, na mwenye cheo hukilinda: kila utakapokuwa na wenzako atajiuliza kama bado anacho. Ya tatu ni deni. Ahadi ya kila Jumamosi huvunjika Jumamosi moja tu ikikosekana, na hapo utakuwa umemthibitishia kile alichokihofia.

Lakini kabla ya kuandika chochote, nijibu swali moja. Mtu hakai kimya miezi yote hiyo kisha akaandika "usijisumbue" bila kitu kilichomsukuma siku hiyo. Nini kilitokea kabla ya ujumbe ule?

Mja wa Jioni
Hakuna kikubwa. Aliona picha yetu ya pamoja, basi.

Bi Mkubwa wa Barua
Picha ya siku gani, na siku hiyo yeye alijua uko wapi?

Mja wa Jioni
Ya Jumamosi iliyopita. Alikuwa ameniomba twende pamoja kumtazama mama yake, nikamwambia kwamba ninaumwa. Sikuwa ninaumwa, nilikuwa nimekwisha kuwaambia wenzangu kwamba nitakwenda nao matembezini. Sikutaka kumwumiza, na naamini wengi wenu mngefanya hivyohivyo. Mmoja wao aliweka picha bila kuniuliza.

Jirani Mwema
Kumbe! Mimi nilidhani tunazungumzia shughuli nyingi, na kumbe tunazungumzia uongo. Tena juu ya mama wa mtu!

Kalamu Nyekundu
Wanajamvi, mimi naona hapa tunanyweshwa chai. Mwanzoni kikundi kilikuwa cha mtihani, sasa kinatembea Jumamosi. Mwanzoni mleta mada alitaka kumwahidi rafiki kila Jumamosi, na kumbe Jumamosi ndiyo siku anayokuwa na hao wengine. Hadithi ya kweli haijigongi namna hii. Huenda anaandika tamthilia na anatafuta mazungumzo ya bure.

Mja wa Jioni
Sijatunga. Siku za kazi tunasoma, na mwezi uliopita tukaanza kutoka pamoja kila Jumamosi. Nilidhani ningeweza kuwaaga wenzangu mapema na kumwahi.

Kalamu Nyekundu
Kila Jumamosi?

Mja wa Jioni
Nilimwahidi vivyo hivyo miezi miwili iliyopita. Katika Jumamosi nne za kwanza nilifika moja.

Bi Mkubwa wa Barua
Kalamu Nyekundu, iwe chai au isiwe, umetufaa. Sasa tunajua kwamba ahadi anayotaka kuitoa alikwisha kuitoa na kuivunja, na kwamba rafiki hakuumizwa na kikundi peke yake. Kikundi angeweza kukizoea. Kinachomwuma ni kwamba hajui tena lini anaambiwa kweli.

Kwa hiyo jibu lianze na uongo ule, utajwe kwa jina lake, bila "lakini" nyuma yake. Usimlaumu aliyeweka picha. Kisha mwambie kitakachobaki kuwa kweli hata kama hakimpendezi, yaani kwamba kikundi kipo na kitaendelea. Mwisho, mpe kitu kimoja chenye siku na saa, kidogo kiasi kwamba hata ukichoka utakitimiza. Mimi ningeandika hivi:

"Ulichokiona ni kweli. Jumamosi nilikuambia ninaumwa, nami sikuwa ninaumwa. Nilikuwa na wenzangu. Nilikudanganya kwa sababu niliona haya kukuambia kwamba nimechagua kwenda nao. Hadi mtihani upite nitakuwa nao jioni nyingi, na sitaweza kuwa nawe kama zamani. Sitaki tupotezane. Jumapili hii saa kumi jioni ninaweza kuja kumwona mama, ukiniruhusu. Nikishindwa kufika siku yoyote, nitakuambia sababu yenyewe."

Sina Haraka
Maneno "sitaweza kuwa nawe kama zamani" ni makali mno kwa mtu ambaye tayari anahisi ametupwa. Ningeyaondoa.

Bi Mkubwa wa Barua
Ni makali, nakubali, na huenda yakampa usiku mgumu. Ukiyaondoa, atasoma yaliyobaki kama ahadi ya kurudi ulikotoka. Mwenye rafiki ndiye anayemjua, aamue yeye.

Jirani Mwema
Mimi ningempigia simu asikie sauti. Yule wangu angenipigia ningemsamehe siku hiyohiyo.

Mja wa Jioni
Kwenye simu nitajitetea, najijua. Nimetuma kama alivyoandika Bi Mkubwa, ila nimebadili "makali" ya Sina Haraka yakawa "sitaweza kuwa nawe mara nyingi kama zamani". Alama inaonyesha kwamba amesoma. Imepita saa moja na hajajibu.

Bi Mkubwa wa Barua
Vizuri. Mwache akae na maneno hayo. Usimtumie ujumbe wa pili usiku huu, hasa wa kumbembeleza, maana atalazimika kukutuliza wewe badala ya kuhisi lake.

Mja wa Jioni
Nimekwisha kuutuma. Nimemwambia kwamba bado ni wa kwanza kwangu.