Kuondoa saa mkononi mwa mzee pichani: ngozi ya jirani, mkono wa pili, au kupiga upya?

Mpiga Picha wa Mkomani

Assalamu alaykum. Nimempiga picha nahodha mmoja mstaafu akiwa amekaa barazani, ufukoni mwa mji wa Lamu, saa mbili asubuhi, jua likitokea upande wa Manda. Amevaa kanzu nyeupe, mkono wa kushoto ameuegemeza kwenye bakora, na mkononi ana saa ya chuma yenye mkanda wa chuma. Bintiye anataka picha kubwa ya ukutani isiyo na saa hiyo, kwani anasema inang'aa kuliko uso wa babake. Kifundo cha mkono kina upana wa pikseli 420 hivi, na mkanda umefunika takriban 140, achilia mbali uso wa saa ambao ni mpana zaidi.

Ninazo njia tatu. Ya kwanza ni kuchukua ngozi ya mkono uleule, juu ya saa, na kuihamishia chini. Ya pili ni kuugeuza mkono wa kulia, usio na saa, na kuubandika. Ya tatu ni kurudi kwa mzee na kumpiga tena. Nimejaribu ya kwanza kwa `Healing Brush` katika Photoshop, na kila nilipokaribia ukingo wa chuma ngozi iligeuka kijivu kama iliyopakwa masizi. Ni ipi mngechagua?

Bwana Shela

Ndugu yangu, kung'aa kwa kioo cha saa ni jambo dogo. Punguza mwanga wa kioo peke yake kwa `Curves`, na saa ibaki mahali pake.

Mpiga Picha wa Mkomani

Ahsante, bwana, lakini mteja anataka saa iondoke kabisa, na chini yake paonekane mkono.

Kijana wa Langoni

Usipoteze muda na njia hizo zote. Tenganisha picha kuwa leya mbili, moja ya rangi na mwanga, nyingine ya vinyweleo na mikunjo, kwa `Gaussian Blur` ya pikseli 30. Kisha nakili mikunjo juu ya saa, na kazi imekwisha. Mimi husafisha nyuso zote za harusi kwa namna hiyo.

Fundi wa Matondoni

Kijana amegusa nusu ya jambo. Usoni njia hiyo hufanya kazi kwa sababu chini ya chunusi rangi ya ngozi bado ipo. Chini ya saa hakuna ngozi ya kuokoa: leya ya rangi imebeba rangi ya chuma, na ukiivuruga kwa pikseli 30 unaisambaza chuma hiyo hadi kwenye ngozi safi pembeni. Masizi aliyoyaona mwenye swali yana chanzo kama hicho, kwani `Healing Brush` huoanisha kiraka na rangi inayokizunguka, na kinapogusa chuma huoanishwa na chuma.

Mimi ningeanza na umbo, ambalo wengi huliruka. Mkanda wa saa husimama juu ya ngozi, kwa hiyo ukiufuta ukabakiza ukingo wake wa nje, mzee atakuwa na kifundo kinene kuliko mkono wenyewe. Chora kwa `Pen Tool` mstari unaounganisha ukingo wa mkono juu ya saa na ukingo wa kiganja chini yake, ukiingia ndani kidogo, na upande wa kidole kidogo uache kile kijifupa kijitokeze. Kilichobaki nje ya mstari ni kanzu au ukuta, nacho hujengwa peke yake.

Kisha paka rangi tupu, bila vinyweleo, katika leya mpya, kwa brashi laini yenye nguvu ndogo. Kifundo ni cha mviringo kama mlingoti: upande wa jua unang'aa, katikati pana rangi yake halisi, na upande wa pili panafifia. Chukua rangi hizo juu ya saa na chini yake, uziunganishe. Inapotazamwa kwa mbali, picha ikiwa ndogo, mkono uonekane mzima kabla hujaweka hata unywele mmoja. Ukiona doa hapo, vinyweleo havitalificha.

Baada ya hapo ndipo ushauri wa kijana unapofaa, ila kwa pikseli 6 au 8. Chukua mikunjo na vinyweleo vya juu ya saa, uvizungushe vifuate mwelekeo wa mkono, na usirudie kiraka kimoja mara mbili, kwa maana jicho huitambua haraka alama inayojirudia.

Kuhusu mkono wa kulia, tahadhari. Ukiugeuza, umegeuza na jua. Mwanga utatoka upande wa mji badala ya Manda, na hata asiyejua picha atahisi kasoro. Uchukulie vinyweleo tu, usichukue mwanga wake.

Mama Hina, Malindi

Mimi nilikuwa na bibi harusi mwenye bangili tisa juu ya hina iliyofika kiwikoni. Familia ilitaka bangili tatu ziondoke, na hapo mbinu zote zilishindwa, kwa sababu ua la hina lililofichwa halikuwa na mfano wake popote. Nilimwita mchoraji wa hina anichoree lile ua kwenye karatasi, nikalipiga picha na kulibandika. Kwa ngozi tupu ya mzee sijui kama mnahitaji kuhangaika hivyo. Mpigeni tena.

Fundi wa Matondoni

Dada, kumpiga tena ni njia bora akikubali na akikaa saa ileile, kwenye baraza ileile. Lakini akivua saa, ule weupe wa ngozi iliyofichwa jua kwa miaka utakuwepo bado, pamoja na alama za pingili za mkanda, ambazo huhitaji muda kufutika. Kwa hiyo kazi ya rangi haikwepeki.

Weupe huo hupunguzwa kwa `Curves` yenye maski, ukingo wake ukiwa laini, kwa sababu saa hupanda na kushuka mkononi na haiachi mstari mkali. Usitumie giza peke yake, maana ngozi itakuwa kama vumbi. Ongeza wekundu na umanjano kidogo.

Kivuli nacho kina rangi. Pale saa ilipoliziba jua, ngozi ya kiganja inaangazwa na anga tu, kwa hiyo ina ubuluu. Ukiinua mwanga bila kuongeza joto la rangi, utabaki na utepe wa kijivu mahali kivuli kilipokuwa.

Mpiga Picha wa Mkomani

Nimefuata mpango wa Fundi bila kurudi kwa mzee, na masizi yametoweka. Kijifupa kilinichukua muda mrefu kuliko ngozi yote. Jana usiku nikagundua nilichosahau: kwenye mkono wa kanzu kuna kimulimuli kidogo, mwanga uliorushwa na chuma ya saa ambayo haipo tena. Nimekifuta.

Limebaki moja. Nilijenga kifundo chenye rangi moja, na binti amefurahi, lakini mzee alipoiona alitazama mkono wake, akatazama picha, akauliza weupe wake umekwenda wapi. Naye ndiye mwenye mkono.

Kijana wa Langoni

Anayelipa ni binti. Mwachie rangi moja.

Fundi wa Matondoni

Mimi ningeurudisha weupe huo kwa leya yake, nusu ya nguvu, kisha niwaonyeshe wote wawili kwa pamoja.