Mrejesho: daftari la kikoba sasa linalingana na sanduku

Niliuliza: "Hisa, marejesho na faini vinachanganyika kwenye daftari la kikoba. Salio la kila mtu tutalijuaje?"

Asanteni sana wakuu. Nilifuata ushauri wa kila muamala kuwa na mstari wake kwenye lahajedwali, safu A hadi D: tarehe, namba ya mwanachama, aina, kiasi. Hisa za mwanachama namba 7 napata hivi:

```
=SUMIFS(D:D,B:B,7,C:C,"Hisa")
```

Akileta 55,000, marejesho 50,000 na riba 5,000, ni mistari miwili. Pesa inayotoka inaandikwa kwa alama ya kutoa, kisha jumla ya safu D tunailinganisha na fedha sandukuni kabla ya kufunga kikao.

Kilichogoma ni wanachama kujiandikia kwa simu: baadhi waliacha nafasi baada ya "Hisa", fomula ikawaruka. Sasa anaandika katibu tu, wengine wanasoma.